Oda ya sare imeozea kwenye Junk, hiki kichujio kinamfanyia kazi nani?

MamaSare

Wakuu, leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Nashona sare za shule hapa Morogoro. Shule moja ya bweni iliniandikia barua pepe kuomba bei ya sweta, sketi na suruali, na vipimo wakaambatanisha kabisa. Mwisho wa kujibu ulikuwa Ijumaa. Mimi sikuona kitu. Jumatatu nampigia mhasibu wao kwa jambo lingine kabisa, ananiambia, "Mama, tulijua hutaki kazi, tumeshampa mwingine." Nafungua folda ya Junk, hiyo hapo! Imebanwa katikati ya watu wanaonipongeza kwa kushinda bahati nasibu ambayo sijawahi kucheza.

Wala haikuwa peke yake. Kulikuwa na ankara ya vitambaa kutoka Dar, na mzazi aliyeuliza sweta ya mtoto wa darasa la pili ni bei gani. Ila yule tapeli anayejiita benki na kutaka namba ya siri, huyo yuko Inbox, ametulia kama mwenye nyumba.

Nimewapigia wanaonihostia, wananijibu "kwetu kuko sawa, ni programu yako." Haya, programu nayo ina namba ya simu? Natumia Thunderbird, akaunti ni IMAP, kwenye laptopu yangu na kwenye kompyuta ya kaunta. Zamani barua alikuwa anazishughulikia binti wa kaunta, ameshaacha kazi. Kila nikibofya Not Junk, barua inarudi Inbox, halafu inayofuata inakwenda kulekule. Kichujio kinachosemwa kinajifunza, kinajifunza kwa nani?

Chapchap_TZ

Dada pole. Dawa yake dakika moja tu. Ingiza anwani za wateja wote kwenye Address Book. Kisha Account Settings, Junk Settings, weka tiki kwenye Personal Address Book na Collected Addresses chini ya maneno "Do not automatically mark mail as junk if the sender is in". Mtu aliyemo humo haguswi tena. Uzi ufungwe.

MamaSare

Hiyo shule haijawahi kuniandikia tangu nianze kazi. Ningeiingizaje kabla sijaijua? Mteja mpya ndiye ninayemtafuta, wa zamani wana namba yangu ya simu.

Muuza_Asali

Hata mimi nina tatizo kama lako mama. Nikiwatumia wateja orodha ya bei ya asali, kwao inaangukia Junk. Nifundisheje Thunderbird yangu isinifanyie hivyo?

FundiSeva

@Muuza_Asali, yako ni kinyume cha yake. Kichujio chako hakiangalii unachotuma, kinaangalia unachopokea. Subiri kwanza.

MamaSare, Chapchap amekupa nusu ya jibu. Kitabu cha anwani kinamlinda unayemjua, na ukishamjibu mtu mpya, anwani yake inaingia Collected Addresses yenyewe. Lakini ile barua yake ya kwanza kabisa haina ulinzi wowote. Na anwani yako mwenyewe usiiweke humo, matapeli wanapenda kuandika kana kwamba wewe ndiye uliyejitumia.

Kabla ya kufundisha chochote, tujue nani aliyeitupa. Barua inapita kwa walinzi wawili, mmoja kwenye seva ya hostingi na mwingine ndani ya Thunderbird. Ukimfundisha wa pili wakati mkosaji ni wa kwanza, utabofya mpaka uzeeke. Fungua ile barua ya shule, bonyeza Ctrl+U, halafu utafute mstari unaoanza na X-Spam. Utubandikie huo mstari tu, usibandike anwani za watu.

MamaSare

Nimeupata:

```
X-Spam-Status: No, score=1.2
```

FundiSeva

Basi hostingi hawakudanganya. Seva iliipima, ikaipa alama 1.2, ikasema No. Ingekuwa Yes ningekutuma ukagombane nao. Barua ilifika Inbox ikiwa safi, na aliyeihamisha ni Thunderbird.

Sasa swali langu. Huyo binti wa kaunta, barua asizozitaka alikuwa akizifanyaje?

MamaSare

Alikuwa mwepesi sana wa mkono. Tulijiandikisha kupokea matangazo ya zabuni, yakawa yanamiminika kila asubuhi. Yeye anayachagua yote, anabonyeza herufi J, yanapotea. Jioni anaisafisha Junk yote. Nilikuwa namsifu kwa usafi!

FundiSeva

Hapo ndipo sumu ilipoingia. Kile kichujio hakijui sare wala zabuni. Kinachojua ni kuhesabu maneno: neno hili limeonekana mara ngapi kwenye barua zilizotiwa alama ya taka, na mara ngapi kwenye zilizotiwa alama ya nzuri. Barua mpya ikija, kinatazama maneno yake yanaegemea wapi. Yale matangazo yalikuwa yamejaa "ombi la bei", "zabuni", "vipimo", "mwisho wa kuwasilisha", na kila J ya yule binti ilikuwa inakiambia maneno hayo ni taka. Shule ikaja kuandika maneno yaleyale. Tapeli wa benki yeye anaongea lugha ambayo hakuna aliyewahi kuitia alama, ndiyo maana anapita.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Barua nzuri kukaa Inbox miaka na miaka hakukifundishi kitu. Kinajifunza kutoka kwa ile uliyoitia alama kwa mkono wako tu. Upande wa taka umeshiba, upande wa nzuri una njaa, ndiyo maana Not Junk zako mbili tatu hazionekani.

Chapchap_TZ

Si aende tu Config Editor, `mail.adaptivefilters.junk_threshold` iko 90, aipandishe 99? Kichujio kitakuwa kinatupa pale tu kinapokuwa na uhakika.

FundiSeva

Itapunguza, sikatai. Lakini kama kimefundishwa uongo, uhakika wake nao ni wa uongo. Barua ya shule inaweza kupata 99 vilevile.

Kwa kawaida alama iliyokosewa hurekebishika: ukiibadilisha barua kutoka Junk kwenda Not Junk, hesabu ya zamani inaondolewa. Ila barua yenyewe iwepo. Za kwako zilishafutwa kila jioni, hesabu zake zimebaki ndani ya faili la training.dat na huna cha kuzigeuzia. Kwa hiyo mimi ningefuta mafunzo yote nianze upya. Fanya kwa utaratibu huu.

Kwanza, kwenye Junk Settings za akaunti, ondoa tiki kwenye "Move new junk messages to". Barua inayoshukiwa itatiwa alama ya moto lakini itabaki Inbox, uione. Kama kuna tiki kwenye "Automatically delete junk mail older than", iondoe pia. Kisha nenda Settings, Privacy & Security, sehemu ya Junk, bofya Reset Training Data. Hapohapo washa "Enable adaptive junk filter logging", maana kuanzia hapo kila inachokitupa kitaandikwa, na Show Log itakuonyesha.

Halafu anza na nzuri, si taka. Kikijua taka peke yake, kila kitu kitaegemea huko. Ingia Inbox na folda zako za wateja, chagua maombi ya bei, ankara, maswali ya wazazi, yale hasa yanayofanana na kilichopotea, bonyeza Shift+J. Ukishatia alama kama mia hivi, ndipo uchukue matapeli na bahati nasibu, J. Yale matangazo ya zabuni usiyaguse kwa J tena. Ulijiandikisha mwenyewe, jiondoe mwenyewe, au yatengenezee kanuni kwa anwani ya mtumaji yaende folda yake.

Wa_Kisumu

Naingilia kidogo. Mimi nilikuwa natumia POP na nikajisifu kwamba sina taka hata moja. Kumbe POP huleta Inbox pekee! Folda ya Spam ya seva sikuwahi kuiona mpaka mteja alipolalamika nikaingia kupitia kivinjari. Nilikuta maombi ya kazi ya miezi. Aliye POP asihangaike na kufundisha kabla hajachungulia huko.

FundiSeva

Kweli kabisa, na huko hakuna J itakayokusaidia.

MamaSare

Nimerudi, na hasira zimerudi nami. Nimefanya yote. Mafunzo nimefuta, nzuri nimetia alama mpaka kidole kikauma, kuhamisha nimezima. Leo asubuhi ombi la bei la duka moja la Kilosa limekutwa Junk tena. Ctrl+U inasema No. Ile logi yako ni tupu, haina hata mstari. Haya niambie, nani kaihamisha? Jini?

FundiSeva

Kompyuta ya kaunta imewashwa?

MamaSare

Imewashwa tangu saa mbili. Kijana mpya anaitumia kwa risiti.

FundiSeva

Na Thunderbird yake iko wazi nyuma ya risiti. Mafunzo hayakai kwenye seva, kila kompyuta ina training.dat yake. Ulichofuta ni cha laptopu. Cha kaunta, ambacho ndicho binti alichokilisha, bado kizima. IMAP ni folda moja mnayoichungulia wawili: ya kaunta ikiwahi kuiona barua, inaihamishia Junk, na kwako inatokea Junk bila laptopu yako kufanya lolote. Seva imesema No, logi yako tupu, hakuna wa tatu zaidi ya huyo.

Kwa kaunta usifundishe. Zima kabisa "Enable adaptive junk mail controls for this account". Akaunti moja inatosha kuwa na mwalimu mmoja.

MamaSare

Nimezima. Logi ya kaunta ilikuwa haijawashwa, kwa hiyo hata ushahidi sina. Na tapeli wa benki bado anaingia Inbox, nimempa J, nangoja nione.

Chapchap_TZ

Mimi bado nasema 99.

FundiSeva

Mpe J kila akija, anabadilisha maneno kwa hiyo hatatoka kwa mara moja. Na ile tiki ya kuhamisha usiirudishe mpaka upitishe wiki kadhaa bila kuona alama ya moto kwenye barua ya mteja.

Muuza_Asali

Sasa asali yangu?

FundiSeva

Fungua uzi wako, na mwombe mteja mmoja akutumie mistari ya X-Spam ya barua yako jinsi ilivyofika kwake. Bila hiyo tutabahatisha tu.