Faini ya watu 5 kwa sababu ya ukurasa wa taarifa za ujumbe: katibu wetu amesoma asichoandikiwa

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Likelemba yetu, kundi la kuchangiana fedha kwa zamu hapa Katuba, Lubumbashi, imewatoza wanachama 5 faini ya faranga 10 000 kila mmoja, mimi nikiwa mmojawapo, kwa kosa la kujificha ili tusipokee ujumbe wa katibu kuhusu kubadilishwa kwa siku ya mkutano. Ushahidi wote ni picha ya skrini ya ukurasa ule wa WhatsApp unaofunguka mtu anapobonyeza kwa muda ujumbe wake mwenyewe kisha akagusa Info. Kwa kuwa ukurasa huo humfungukia aliyetuma tu, hakuna mwanachama aliyeweza kuhakiki chochote kwenye simu yake, na tulitakiwa kuamini na kulipa.

Niliomba kushika simu ya katibu mbele ya wazee wawili wa kundi, nikahesabu. Ijumaa jioni alipotuma ujumbe wa sauti, kundi lilikuwa na watu 34 pamoja naye, maana yake ujumbe ulikuwa na wapokeaji 33. Ukurasa ulionyesha watu 12 waliousikiliza, 13 walioufungua kundini bila kuugusa, na 5 ambao umefika kwenye simu zao lakini hawajafungua. Hao ni 30, na chini kabisa imeandikwa kwamba wamebaki 3. Majina ya hao 3 hayaandikwi, na hapo ndipo katibu alipoanza kujitungia. Alichukua orodha ya wanachama wa Jumatatu, akafuta kila jina aliloliona kwenye ukurasa, na wote ambao hawakufutwa akawaita wakaidi.

Orodha ya Jumatatu, hata hivyo, si ya Ijumaa. Jumamosi mama mmoja alitoka kundini na dada mwingine akaingizwa, hivyo jumla ilibaki 34 na katibu hakuona tofauti yoyote. Yule aliyetoka bado yumo kwenye ukurasa, miongoni mwa wale 13, kwa kuwa ukurasa unashika watu waliokuwemo ujumbe ulipotumwa. Dada aliyeingia hayumo, wala hawezi kuwemo, kwa sababu ujumbe wa Ijumaa haukutumwa kwake na kwenye simu yake haupo. Huyo naye ametozwa faranga 10 000 kwa kutosikiliza kitu ambacho hakupelekewa! Katika umri wangu wote wa kuweka fedha kwenye likelemba sijawahi kuona dhuluma ya wazi namna hii.

Mimi mwenyewe nimo kwenye kundi la waliosikiliza. Namba yangu iko palepale na saa yake, lakini katibu hajawahi kuhifadhi laini yangu mpya kwa jina, kwa hiyo aliona tarakimu tupu, akapita, kisha akaandika kwamba sikuonekana. Nilipomwonyesha alinijibu kwamba uamuzi umeshatolewa.

Wanaobaki ni wale 3 wa kweli. Mmoja alikuwa kijijini upande wa Kasenga, mahali ambapo mtandao haumfikii. Wa pili simu yake ilikuwa kwa fundi. Wa tatu ni mama mwenye simu nzima, mwenye mtandao, anayeapa kwamba usiku ule alikuwa akisoma kundi, na kuhusu huyo naomba msaada wenu, kwa maana sijui nimtetee kwa hoja gani.

Mweka hazina wa Kampemba: Papa, pole, lakini na sisi viongozi mtuelewe. Kuna watu wanaozima alama za bluu kwenye mipangilio ili wasijulikane kwamba wamesoma, halafu wanakuja mkutanoni wakisema hawakupata habari. Huyo mama wa tatu amezima, ndiyo maana haonekani. Katibu wenu amekosea kwa dada mgeni, hapo nakubali, lakini kwa mama huyo hajakosea.

Fundi wa Kamalondo: Ndugu mweka hazina, ni kweli mpangilio huo upo, na kwenye mazungumzo ya watu wawili unafanya kazi kama ulivyosema. Kwenye makundi haufanyi kazi. Ukizima alama za bluu, aliyetuma kundini ataendelea kuona kwamba umesoma, na ujumbe wa sauti ukiucheza ataona kwamba umeucheza, hata mkiwa wawili tu. Isitoshe, kuzima huko hakugusi taarifa ya kufika. Mtu aliyezima angeonekana angalau miongoni mwa waliofikiwa, lakini mama huyu anahesabiwa na wale 3 ambao ujumbe haukuthibitishwa hata kufika. Kwa hiyo adhabu yake imejengwa juu ya sababu isiyowezekana.

Na mwandishi wa uzi, mwulize katibu kama amezitazama tiki za ujumbe wenyewe. Kundini tiki ya pili haitokei mpaka wapokeaji wote wafikiwe, na zote mbili hazigeuki bluu mpaka wote wasome. Simu moja ikiwa imezimwa kwa fundi, ujumbe unabaki na tiki moja ya kijivu hata kama wengine 32 wameusikiliza. Huyo wa Kasenga akipata mtandao ndani ya siku 30 ujumbe utamfikia na namba ya waliobaki itapungua; zikipita, seva huufuta na hataupata tena.

Mama Furaha: Mimi binti yangu yuko Kolwezi, namwandikia tiki inabaki moja tangu juzi, na picha yake imetoweka. Je, ameniondoa kundini?

Fundi wa Kamalondo: Mama, hayo ni mazungumzo yenu wawili, si kundi, na ukurasa tunaouzungumza hapa hautakusaidia. Mpigie simu ya kawaida kwanza, huenda simu yake imezimwa tu.

Turudi kwa mama wa tatu. Je, alibadilisha simu au alifuta WhatsApp na kuiweka upya siku zile? Wakati mwingine baada ya hapo, mahali pa ujumbe hutokea maandishi kwamba ujumbe unasubiriwa, mtu akasoma zote zilizofuata na huo mmoja usifunguke.

Mwandishi wa uzi: Asante sana, yaya fundi. Nimempigia sasa hivi. Anasema mwanawe alimhamishia kila kitu kwenye simu nyingine wiki ile, lakini hakumbuki kama ilikuwa kabla ya Ijumaa au baada yake, na maandishi hayo ya kusubiri hakumbuki kuyaona. Simu ya zamani imeshauzwa.

Mweka hazina wa Kampemba: Sikujua kwamba kwenye makundi haizimiki. Hata hivyo, wale 13 waliofungua bila kusikiliza mbona hawakutozwa? Hao ndio waliopuuza kweli.

Mwandishi wa uzi: Papa, hata hao sikubali waguswe. Mtu akifungua kundi ili ajibu salamu ya mwingine, ujumbe wa sauti unahesabika kuwa umeonekana, ingawa hajui ndani yake kuna nini. Na mtu akibonyeza kucheza kisha akaitwa na mteja sokoni, ataandikwa miongoni mwa waliosikiliza. Ukurasa haupimi usikivu wa mtu.

Jumapili nitawaomba wazee faranga 50 000 zisiingizwe kwenye mzunguko mpaka katibu afungue simu yake mbele ya wote, na orodha ya Ijumaa iandikwe upya kwa namba, si kwa majina. Fedha yangu na ya dada mgeni lazima zirudi siku hiyohiyo. Za Kasenga na za simu iliyokuwa kwa fundi nitazidai kwa sauti ileile. Kuhusu mama wa tatu, yaya, kama kuna njia yoyote ya kuonyesha simu mpya iliwekwa siku gani, niandikie kabla ya Jumapili.