Naomba ushauri: utani kwenye hotuba ya sendofu

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni baba mdogo wa bi harusi, Jumamosi nitasoma hotuba ya familia. Ndani yake nimeweka utani mmoja:

"Alipokuwa mdogo tulimtuma chumvi, akarudi na pipi. Tukamtuma tena, akarudi na mwenye duka."

Mwanzoni niliendelea, "aliyekuja kudai hela yake." Nikawasomea shemeji zangu nyumbani, wakaanza kucheka kwenye "mwenye duka" na mkia ule ukawakata kicheko, nikaufuta. Kosa la pili lilikuwa sentensi iliyofuata: majina ya wazazi wa bwana harusi. Yalimezwa na kicheko, na hayo ni majina ambayo kila mtu lazima ayasikie. Sasa nimeyasogeza mbele, na baada ya utani nimeandika, "Tangu siku ile nilijua huyu binti hakati tamaa." Wakicheka, nasubiri kicheko kianze kushuka ndipo niiseme. Wakinyamaza, naisema moja kwa moja, na kisa kinabaki kuwa sifa yake tu.

Ninapokwama: ukumbi ni mrefu na una mwangwi. Meza za nyuma huenda zikacheka zile za mbele zikiwa zimemaliza. Kwa waliozoea kushika maiki, mnasubiri mpaka wa nyuma, au mnafuata wa mbele? Halafu, niombe nisome kabla ya chakula? Nahofia sahani zikishaanza kugongana hakuna atakayesikia neno la mwisho, na utani wote umebebwa na neno hilo.