Mteja katuma maandishi kasema tu "andika upya hii", nashika wapi?

Karani_Usiku
Wakuu habari za muda huu. Nafanya kazi ya kuhariri maandishi ya watu, barua, matangazo, vitu vya namna hiyo. Juzi mteja kanitumia aya moja afu chini kaandika "andika upya hii", basi, hakuna neno lingine. Hii hapa:

"Tunapenda kuchukua nafasi hii kuwafahamisha kuwa kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu mzigo wenu uliotakiwa kufika Jumatatu haukufika na sasa unategemewa kufika Alhamisi hivyo tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Nikaona ni ndefu na nzito, nikampa hii:

"Samahani sana! Mzigo wenu umechelewa kwa matatizo ya usafiri. Utafika Alhamisi. Asanteni kwa uvumilivu."

Kaja juu, anasema nimeharibu, nikimuuliza wapi anajibu "we andika upya vizuri tu". Mimi naona yangu inasomeka vizuri zaidi. Nimrudishie nini?

Fundi_Nukta
Kosa ni kuanza bila kuuliza. Mimi sigusi kitu mpaka mteja aniambie nani atasoma, anataka fupi au ndefu, lugha rasmi au ya kawaida. Asipojibu simfanyii kazi.

Mama Zuu
Pole mdogo wangu, ila kuwa makini na hizo kazi. Mimi kuna mwanafunzi aliniletea insha akasema hivyo hivyo, niandikie upya, nikaandika, kumbe kanakili ya mwenzake anataka isijulikane. Toka siku hiyo nikiambiwa "andika upya" nauliza kwanza hii ni ya nani.

Karani_Usiku
Dada hii ni barua yake mwenyewe ya kazini, hilo halipo hapa.

Mzee wa Kalamu
Karani, mteja wako kashindwa kueleza lakini kuumia kaumia kweli. Soma tena pole pole. Yeye kaandika "unategemewa kufika", wewe umeandika "utafika", hapo umemtolea ahadi ambayo hakuitoa, Alhamisi ikipita bila mzigo atakayebanwa ni yeye. Afu hayo "matatizo ya usafiri" umeyatoa wapi? Yeye kasema sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kaishia hapo, pengine kwa makusudi. Na ile "Samahani sana!" ni sauti ya meseji, barua yake ilikuwa ya ofisi.

Mtu asiposema kibadilike nini, mimi huchukulia kwamba maneno yanaweza kubadilika ila taarifa zibaki, na sauti isihame mbali. Kabla sijagusa naandika pembeni vitu visivyohama: Jumatatu, haukufika, Alhamisi inategemewa tu, sababu haijatajwa, radhi. Baada ya hapo naangalia maandishi yenyewe yanaumwa wapi, maana mara nyingi yanasema hata kama mwenyewe kanyamaza. Hii imebeba kila kitu kwenye sentensi moja, na msomaji anapita maneno 14 ndo anafika kwenye "mzigo". Kwa hiyo ningempa hivi:

"Mzigo wenu uliotakiwa kufika Jumatatu haukufika kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu. Sasa tunatarajia ufike Alhamisi. Tunaomba radhi kwa usumbufu mliopata."

Na chini yake mstari mmoja tu: "Nimeikata sentensi na kuleta habari ya mzigo mwanzo, siku na sababu sijagusa. Kama ulitaka kitu kingine niambie."

Binti_Daftari
Mzee shikamoo, imekaa vizuri ila na wewe umehamisha kitu. Yeye kasema usumbufu "wowote utakaojitokeza", wewe umeandika "mliopata", yaani sasa kampuni inakiri wateja wameshasumbuka. Kwenye barua hilo si dogo.

Mzee wa Kalamu
Marahaba. Umeona sawa kabisa. Niliibadili kwa sababu mzigo umeshachelewa, kusema "utakaojitokeza" kunaonekana kama hakuna kilichotokea, ila ilipaswa niitaje kwenye ule mstari wa chini ili aamue yeye. Au niiache.

Fundi_Nukta
Bado nasema kuuliza kwanza ni salama.

Mzee wa Kalamu
Kwa kurasa 40 nakubaliana na wewe, na hata hapo namfanyia ukurasa mmoja kwanza nimwonyeshe. Kwa aya moja, orodha ya maswali inamchosha kuliko kazi yenyewe. Wengi hawajui kusema wanataka nini mpaka waone toleo moja, wakishaliona ndo wanasema "hapana, mimi nilitaka iwe fupi".

Karani_Usiku
Mrejesho wakuu. Nimemtumia ya Mzee, lakini "utakaojitokeza" nimeirudisha, na ule mstari wa chini nimeuongezea swali kama tuandike "mliopata". Kajibu kwamba bosi wake alimwambia barua haieleweki, ndo kitu pekee alichoambiwa. Hilo neno kasema anaenda kumuuliza bosi, hajarudi bado.