Memori kadi ya harusi inadai kufomatiwa, picha zote zimo ndani. Nisaidieni kabla sijabonyeza kitu

MpigaPichaMoro

Wakuu habari za jioni. Napiga picha za sherehe hapa Morogoro. Jumamosi nilikuwa na harusi, nimepiga kanisani mpaka ukumbini kwa kamera ya Canon, kadi ni ile ndogo ya simu ya GB 64 ndani ya adapta. Ukumbini umeme ulikuwa unakatikakatika, MC anaharakisha watu, nikatoa kadi haraka niweke nyingine nikiwa narekodi video ya kukata keki.

Jana naichomeka kwenye laptopu inaniambia hivi:

```
You need to format the disk in drive E: before you can use it.
Do you want to format it?
```

Nikairudisha kwenye kamera, nayo inaleta Err 02, inasema kadi haifikiki, nibadilishe au nifomati. Bwana harusi kashaanza kupiga simu. Nifomati au nisifomati? Picha zipo au ndiyo basi tena?

Kijana_wa_Mabibo

Mkuu usiogope kabisa. Fomati tu ila weka tiki kwenye Quick Format, halafu shusha Recuva iskani. Mimi nimeshafanya hivyo na flashi, vitu vyote vilirudi. Fomati ya haraka haifuti picha.

FundiData

MpigaPicha, bonyeza Cancel na usifomati popote pale, si kwenye laptopu, si kwenye kamera, na hasa si kwenye simu.

Kijana hajakosea kwamba fomati ya haraka kwenye Windows huwa haigusi picha zenyewe, inaandika upya orodha inayosema kila faili limeanzia wapi. Lakini hiyo orodha ndiyo tunayoitaka. Ikiwa imeharibika nusu, nusu iliyobaki bado inaweza kutupa majina na mpangilio wa mafaili. Ukiandika orodha mpya tupu juu yake umepoteza hata hiyo nusu, na hujapata kitu, kwa sababu programu za kuokoa picha zinasoma kadi hata ikiwa haijafomatiwa. Halafu kuna vifaa ambavyo vikifomati vinaiambia kadi ifute kwelikweli, na hapo hakuna wa kukusaidia. Simu nyingi ziko hivyo.

Kabla ya programu yoyote tuanze na adapta. Kadi ndogo ndani ya adapta ina sehemu mbili za kugusana: kadi na adapta, kisha adapta na mashine. Adapta za bei rahisi zinalegea, vibati vyake vya ndani vinapinda, na kadi nzima kabisa inaonekana imekufa. Toa kadi ndogo, angalia vile vibati vya dhahabu mgongoni. Vikiwa na ukungu au alama za jasho, sugua taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu. Azima adapta nyingine, au bora zaidi kadi rida ya USB inayopokea kadi ndogo moja kwa moja. Adapta nyingine ukiipata, kile kiswichi cha pembeni kishushe upande wa LOCK, ili mashine isiandike kitu kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows na R, andika

```
diskmgmt.msc
```

utuambie kadi inaonekana na ukubwa gani na imeandikwa nini pembeni.

BintiNyali

Jamani hata mimi niko na shida kama hii. Simu yangu ilianguka baharini, ikafa kabisa. Kadi nimeitoa nikaweka kwa laptopu ya kaka, inaomba kufomatiwa pia. Nilikuwa nimeiweka ile ya kuongeza nafasi ya simu. Nifuate hizi hatua?

FundiData

Dada, yako ni tofauti. Kama ulipoiweka ulichagua iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, Android iliifunga kwa ufunguo unaokaa kwenye simu yenyewe. Laptopu itaona vurugu tupu hata kadi ikiwa nzima, na programu ya kuokoa itaona vurugu hiyohiyo. Tumaini lako ni fundi wa simu aifufue bodi hata kwa saa moja, kadi irudishwe humohumo. Usiifomati mpaka hilo lishindikane.

BintiNyali

Haya, asante. Ngoja nitafute fundi.

MpigaPichaMoro

Nimeazima kadi rida kwa jirani. Sasa inaonekana Disk 1, GB 59 na ushee, pembeni imeandikwa RAW. Kabla sijasoma jibu lako kuna jamaa wa hapa ofisini alinishauri chkdsk, ikagoma:

```
The type of the file system is RAW.
CHKDSK is not available for RAW drives.
```

Mzee wa Gerezani

GB 59 badala ya 64? Hiyo ni feki kijana, umepigwa.

FundiData

Hapana mzee wangu, hiyo ni sawa. Mtengenezaji anahesabu GB 64 kwa bilioni za baiti, Windows inagawa kwa 1024 mara tatu, jibu linakuja 59.6. Feki huwa inaonyesha ukubwa kamili kabisa bila aibu, ila ukishapita uwezo wake wa kweli inameza picha kimyakimya. Haijulikani kwa kutazama namba hiyo.

MpigaPicha, hizo ni habari njema. Ukubwa kamili maana yake kile kidhibiti cha ndani ya kadi kinaongea na mashine. Kilichoharibika ni mpangilio wa mafaili, ndiyo maana Windows inaandika RAW, na sababu yake naiona kwenye maelezo yako: umetoa kadi wakati kamera bado inaandika video. Ingeandikwa No Media, au MB chache za ajabuajabu, ningekuambia uache programu zote utafute maabara. Na chkdsk kugoma ni bahati yako. Ingekubali, kazi yake ni kunyoosha mpangilio, haijali picha. Mara nyingi inakata mafaili vipandevipande na kuyaita FILE0000.CHK.

Sasa usiskani kadi yenyewe. Chukua nakala yake nzima kwanza, ufanye kazi kwenye nakala. Shusha Win32 Disk Imager. Kwenye Device chagua herufi ya kadi, andika jina la faili kama D:\harusi.img, usiweke tiki kwenye Read Only Allocated Partitions, halafu bonyeza Read. Soma hicho kitufe mara mbili, kwa sababu jirani yake ni Write, na Write inamwaga faili juu ya kadi. Uwe na nafasi ya GB 60 kwa nakala, na nyingine kama hiyo kwa picha zitakazotoka. Windows itaendelea kukuuliza kufomati, wewe Cancel tu.

Ikisimama katikati kwa kosa la kusoma, kadi ina sehemu mbovu. Hapo utahitaji Linux:

```
ddrescue -d /dev/sdb harusi.img harusi.map
```

Yenyewe inaruka pabaya, inabeba pazuri kwanza, kisha inarudi kujaribu. Ila hakikisha kwa lsblk kwamba sdb ni kadi kweli.

MpigaPichaMoro

Read imemaliza bila kosa. Naendelea?

FundiData

Kadi itoe, iweke kwenye bahasha, isiguswe. Shusha TestDisk kutoka CGSecurity, ndani yake kuna qphotorec_win.exe. Bonyeza Add a raw disk image, chagua harusi.img. Chagua mstari wa partisheni. Usipoona partisheni, chagua diski nzima. Mfumo wa mafaili uwe ule wenye FAT na NTFS, kisha Whole, si Free. Free inatafuta kwenye nafasi tupu tu, na hapa mpangilio haueleweki hata kujua patupu ni wapi. Folda ya kutolea iwe kwenye hadidiski.

MpigaPichaMoro

Wakuu zimetoka! Lakini ni fujo. Mafolda ya recup_dir yamejaa, majina yote ni namba. Kuna picha ndogo kama stempu, ukikuza zinapasuka. Na kuna picha za kipaimara cha mwezi uliopita, kadi ile nilishaifomati kwenye kamera!

Kijana_wa_Mabibo

Si nilisema fomati haifuti 😂

FundiData

Kijana, hapo nakuvulia kofia, kwa kamera hii kweli haikufuta.

Zile ndogo majina yao yanaanza na t, sivyo? Ni vijipicha ambavyo kamera inaviweka ndani ya kila picha kubwa. Weka pembeni zote zinazoanza na t, picha kamili inaanza na f. Majina ya asili hayarudi kwa sababu PhotoRec haisomi orodha, inatambua picha kwa jinsi faili la JPG linavyoanza. Tarehe na saa lakini zimo ndani ya picha. Ukiwa na exiftool, ingia kwenye folda kwa cmd:

```
exiftool "-FileName<DateTimeOriginal" -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" .
```

Zitajipanga kanisani, ukumbini, na kipaimara utakiona peke yake. Fanya kwenye nakala ya folda.

MpigaPichaMoro

Zimejipanga. Kanisani zote nimeziona, viapo vipo. Ukumbini kuna chache nusu yake ya chini ni kijivu. Video ya keki ipo ila haifunguki, VLC inakaa kimya.

FundiData

Za kijivu kipande chake kingine kilikuwa kimeandikwa mahali pengine kwenye kadi, na PhotoRec inafuata mfululizo. Kama una RAW za CR2 za picha hizo, angalia, huenda zimetoka nzima. Kama ulipiga JPG peke yake, kata ubakize ile sehemu iliyo nzima au umwambie bwana harusi ukweli.

Video ni ngumu zaidi. Kamera inaandika faharasa ya video mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Wewe hukusimamisha. Kuna programu inaitwa untrunc, unaipa video nzima ya kamera ileile yenye mpangilio uleule pamoja na hii mbovu, inajaribu kuijengea faharasa. Wakati mwingine picha zinarudi sauti inakimbia. Siahidi.

MpigaPichaMoro

Nitajaribu usiku. Na hii kadi baadaye niifomati niendelee nayo?

Mzee wa Gerezani

Tupa. Kadi iliyokudhalilisha mara moja itakudhalilisha tena.

FundiData

Mimi ningeipima. Fomati kwa SD Card Formatter, kisha H2testw iijaze yote na kuisoma tena. Ikipita, kosa lilikuwa la kuichomoa. Ila subiri kwanza untrunc ikupe jibu na picha ziwe zimehifadhiwa sehemu mbili tofauti.

Mzee wa Gerezani

Ipite isipite, harusi za watu usiitumie. Weka nyimbo kwenye redio ya gari.

Kijana_wa_Mabibo

Mzee, lakini hata mpya inaweza kuleta haya haya akiichomoa ikiandika. Tatizo ni ile taa nyekundu, angesubiri izime.

MpigaPichaMoro

Taa yenyewe iko nyuma karibu na kidole gumba, ukumbini gizani nilikuwa naiziba. Untrunc nimeishusha, inataka video ya mfano, naitafuta ya urefu gani?

FundiData

Urefu si hoja. Muhimu ni ukubwa wa picha na fremu kwa sekunde ziwe zilezile za ukumbini. Rekodi dakika moja leo, kwa kadi nyingine.