Hivi nani aliwaambia "Andika ujumbe wako hapa" inatosha?

Mwanzisha uzi
Wakuu, hawa wanaotengeneza app za ushauri wa kilimo huku Nyanda za Juu Kusini wananikera. Unafungua sehemu ya kuchati na bwana shamba, skrini nyeupe tupu, chini kuna kisanduku: "Andika ujumbe wako hapa". Sasa mtu wa Ilula ambaye nyanya zake zinaliwa ataandika nini? "Habari, nyanya zinaharibika, naomba msaada." Anasubiri. Anaulizwa yuko wapi. Anasubiri tena. Zina muda gani shambani? Umepulizia nini? Jua linazama, yule kiwavi kantangaze anaendelea kula.

Halafu lawama anabebeshwa mkulima, eti hajui kujieleza. Mbona kwenye duka la pembejeo anajieleza vizuri? Kule ameshika jani mkononi na muuzaji anamuuliza palepale.

Ile nafasi nyeupe ingewekwa mfano mmoja wa ombi lililokamilika:

"Nyanya, Ilula, nusu ekari. Wiki ya 6 tangu nihamishe miche. Majani yana mabaka meupe, ndani kuna kiwavi mdogo, na matunda yana matundu karibu na kikonyo. Nimepulizia dawa mara 2, picha ya chupa hii hapa. Nataka kujua nibadilishe dawa gani, na nikishapuliza nisubiri siku ngapi kabla ya kuchuma."

Bwana shamba akisoma hiyo anajibu mara moja. Bila picha ya chupa anaweza kukutajia dawa ya kundi lilelile ambalo wadudu wameshalizoea. Na hilo swali la mwisho watu wengi hulisahau: mtu anaelezwa maisha ya mdudu kwa aya tatu, kumbe alitaka kujua kama anaweza kupeleka matenga sokoni Jumamosi.

Mdau wa Mafinga
Kazi ya dakika mbili hiyo mkuu. Wachukue mfano wako waubandike kwenye `placeholder`, yale maandishi ya kijivu ndani ya kisanduku, kwisha habari.

Fundi wa Soweto, Mbeya
Hapo umepatia nusu. Maandishi ya `placeholder` yanatoweka ukiandika herufi ya kwanza. Mtu akifika katikati, anataka kukumbuka kilichobaki, mfano haupo. Kwenye simu ndogo, kisanduku cha mstari mmoja kinaonyesha maneno machache tu, mengine yanakatwa. Na kile kijivu chake hafifu, mchana shambani huoni kitu. WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za mtandao zitumike na kila mtu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa angalau 4.5:1.

Mfano ukae nje ya kisanduku, juu yake, kama maandishi halisi, na usiondoke mpaka ujumbe utumwe:

```html
<label for="ombi">Swali lako</label>
<p id="mfano">Mfano: Nyanya, Ilula, nusu ekari...</p>
<textarea id="ombi" rows="4"
  aria-describedby="mfano"></textarea>
```

Hiyo `aria-describedby` inamsaidia asiyeona: simu yake inaweza kumsomea mfano akifika kwenye kisanduku. Na `rows="4"`, yaani mistari minne, peke yake inamwambia mtu kwamba hapa maelezo yanakaribishwa. Kisanduku chembamba huvuta salamu tu.

Mama wa Uyole
Samahani wadau, viazi vyangu majani yanakuwa meusi kuanzia kingoni na mvua haikatiki. Nipulizie nini?

Mwanzisha uzi
Mama shikamoo, hapa tunagombana na watengeneza app. Ila mnaona wenyewe? Zao lipo, dalili zipo, hali ya hewa ipo. Umri wa viazi na alichokwisha pulizia havipo. Mama, ongeza hivyo viwili na picha ya jani, upeleke kwenye jukwaa la kilimo leo hii. Dalili hizo na mvua si za kuchelewesha.

Mdau wa Tukuyu
Mfano uliojaa una balaa lake, watu wataunakili. Ukiweka kitufe cha "Tumia mfano huu" kikatuma moja kwa moja, mtu wa parachichi atajikuta anauliza nyanya za Ilula. Kitufe kijaze kisanduku tu, na penye kubadilishwa paachwe wazi: [zao], [kijiji], [ukubwa wa shamba]. Kutuma kuzimwe hadi mabano yote yajazwe.

Fundi wa Soweto, Mbeya
Mabano sawa. Kuzima kitufe nakataa. Asiyejua ukubwa wa shamba lake atakwama pale, na mdudu hamsubiri. Paka rangi mabano yaliyobaki, mwache atume.

Mdau wa Tukuyu
Akituma yakiwa matupu, tumerudi kulekule.

Mdau wa Mafinga
Na kibodi ikifunguka inakula karibu nusu ya skrini. Huo mfano wa mistari mitano utaonekanaje?

Fundi wa Soweto, Mbeya
Hoja hiyo nzito. Kibodi ikipanda, mfano ujikunje ubaki mstari mmoja juu ya kisanduku: zao, mahali, ukubwa, umri, dalili, ulichofanya, unachotaka. Ukiugusa, unafunguka wote. Ila kwenye simu za skrini ndogo kabisa hata mstari huo utavunjika mara mbili. Mwenye namna bora alete.