Sivii mbili, ipi nipeleke? Muuzaji naomba usupavaiza

Mama_Kaunta
Wakuu habari za jioni. Mimi ni muuzaji supamaketi hapa Dar, imetangazwa nafasi ya supavaiza na mwisho wa kuomba ni Ijumaa. Sivii ninazo mbili. Ya kwanza nilichapiwa steshenari, imeandikwa "kuhudumia wateja, kupanga bidhaa kwenye shelfu, kuhakikisha usafi, na majukumu mengine niliyopangiwa". Ya pili kanitengenezea shemeji, imeandikwa "niliongeza mauzo kwa asilimia 30" na "nilipunguza hasara kwa asilimia 60". Hii ya pili inavutia ila nina wasiwasi nayo. Ipi nipeleke?

Kijana_wa_Mbagala
Ya pili bila kujiuliza. Ya kwanza hata mlinzi wa getini anaweza kuiandika.

Mzee_wa_Stoku
Dada umeficha mambo ya msingi. Nafasi iko hapo hapo unapofanya kazi au kampuni nyingine? Uko sekisheni gani? Na hiyo 30 shemeji kaitoa wapi? Nimekaa sana upande wa kuajiri wa maduka, bila hayo siwezi kukwambia ipi.

Neema_k
Samahani naingilia, mshahara wa supavaiza supamaketi ni shingapi siku hizi? Mdogo wangu naye anatafuta.

Mama_Kaunta
@Mzee_wa_Stoku shikamoo. Ni kampuni hii hii ila tawi jingine. Niko sekisheni ya maziwa na vinywaji, nikipangwa nakaa kaunta pia. Hiyo 30 shemeji alisema ndivyo wanavyoandika wote. Ya hasara ina ukweli kidogo, zamani tulikuwa tunatupa yogati na maziwa yaliyoisha muda kama pakiti 40 kwa mwezi, nikaanza kukagua tarehe kila Jumatatu na Alhamisi, zinazokaribia kuisha navuta mbele mpya zinaenda nyuma, sasa hivi ni kama 15.

Kijana_wa_Mbagala
Sasa shemeji kakupunja! Kutoka 40 hadi 15 tofauti ni 25, gawa kwa 15 ni asilimia 166. Andika 166 wakukome.

Mzee_wa_Stoku
Kijana, mtu hawezi kupunguza kitu zaidi ya asilimia mia, akifika mia kimeisha. Unagawa kwa ulikoanzia, 25 kwa 40, ni 62 na nusu. Ila bado sijaridhika. Mama_Kaunta, marhaba, nijibu mawili: hizo 40 na 15 zimeandikwa mahali au ni za kichwani? Na katikati hapo oda ya yogati haikupunguzwa?

Mama_Kaunta
Zipo kwenye daftari la damaji, tunasaini mimi na supavaiza. Oda ndiyo, mwezi wa tano walipunguza katoni kwa sababu ya mvua, wateja walikuwa wachache. Mimi nilianza kukagua mwezi wa nne mwanzoni.

Mzee_wa_Stoku
Hapo ndipo watu wanapoanguka. Katoni zikipungua na za kutupa zitapungua hata ungekuwa umelala, na meneja aliyekata oda anaweza kuwa ndiye anayekuhoji. Chukua mwezi wa nne peke yake, kabla oda haijaguswa. Ulitupa ngapi?

Mama_Kaunta
Nimepiga picha daftari leo, mwezi wa tatu 40, wa nne 22.

Mzee_wa_Stoku
Basi andika hivi: "Nilianzisha ukaguzi wa tarehe kwenye friji la maziwa mara mbili kwa wiki, pakiti za kutupwa zikashuka kutoka 40 mwezi Machi hadi 22 mwezi Aprili, oda ikiwa ile ile." Ni ndogo kuliko ya shemeji lakini haina pa kushikwa. Asilimia usiweke, ukisema 45 swali linalofuata ni 45 ya nini, wakati pakiti kila mtu wa duka anaziona. Hiyo ya mauzo 30 futa kabisa, muuzaji mmoja hapandishi mauzo ya tawi zima, na wenzako wa kampuni hiyo hiyo wanazo namba halisi.

Fundi_Rangi_Msa
Mimi napinga kidogo hii habari ya kumwaga namba. Niko Mombasa, nilikuwa nauza rangi na vifaa vya ujenzi, nikaomba kazi kwa duka jingine la mtaa wa pili. Nikaandika vizuri kabisa, tulikuwa tunauza shilingi ngapi kwa wiki, rangi gani inatoka sana, mafundi wakubwa wanapewa punguzo ngapi, nikidhani wataona huyu anajua biashara. Yule bosi akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza mwenye duka anajua umetoa hizi? Nikasema ni kazi yangu mimi niliyoifanya. Akacheka, akaita mwenzake aje asome, wakasoma wote wawili tena polepole, halafu akaniambia wewe ukitoka hapa utabeba na zangu. Kazi sikupewa na bei zetu za jumla wakabaki nazo. Mpaka leo sioni kosa langu, walitaka mtu mwenye uzoefu nikawaonyesha uzoefu.

Mzee_wa_Stoku
Pole kaka, ila shilingi za tajiri ni siri yake. Ukitoka nje ya kampuni andika watu, pakiti, idadi ya kaunta, siyo mauzo wala bei. Huyu dada yuko ndani kwa hiyo haimhusu sana. Mama_Kaunta, turudi kwenye ile "majukumu mengine niliyopangiwa". Ni yapi hayo?

Mama_Kaunta
Ni vitu vidogo vidogo tu. Supavaiza akiwa ofu mimi ndiye nafunga hesabu za kaunta, natoa ripoti ya Z kwenye mashine ya EFD nalinganisha na pesa ya droo. Na makeshia wapya wananipa mimi niwafundishe, mwaka huu wawili.

Mzee_wa_Stoku
Vitu vidogo?? Dada, hiyo ndiyo kazi yenyewe unayoomba! Ondoa usafi wa shelfu, pandisha hii juu kabisa: "Nafunga hesabu za kaunta siku supavaiza hayupo", taja kaunta ngapi na mara ngapi kwa wiki. Halafu: "Nimefundisha makeshia wapya wawili, sasa wanakaa kaunta peke yao". Hapo namba yako ni 2, na ina uzito kuliko 30 ya shemeji. Yogati iwe ya tatu.

Bint_Tanga
Mimi nina swali la pembeni. Duka letu halina daftari la chochote, nitatoa wapi namba?

Mzee_wa_Stoku
Hesabu unachokiona, watu kwenye shifti, mizigo unayopokea kwa wiki. Weka "takriban" na uwe tayari kueleza umeipataje.

Kijana_wa_Mbagala
Hiyo "takriban" inaonyesha huna uhakika, mimi ningeitoa.

Bint_Tanga
Na zikipungua hela za droo wakati nafunga mimi? Kwetu shoti wanakata yote mwisho wa mwezi.

Fundi_Rangi_Msa
Huku pia wanakata, tena bila kuuliza.

Sheria_Mkononi
Tanzania Bara hapa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mwajiri akueleze kwa maandishi hasara imetokeaje na ni kiasi gani, upewe nafasi ya kupinga, na makato ya hasara yasizidi robo ya mshahara. Kukata yote kwa mpigo hairuhusiwi.

Bint_Tanga
Robo?? Mbona mimi nilikatwa karibu nusu mwezi uliopita. Naanzia wapi kudai?

Neema_k
Jamani na lile swali langu la mshahara?

Mama_Kaunta
Asanteni wakuu. Kaunta ni 4, nafunga mara mbili kwa wiki. Shemeji bado anang'ang'ania niache ile 30, anasema bila asilimia sivii inaonekana ya kishamba.