Mrejesho: Bibi, simu na mwisho wa Fisi

Niliuliza: "Katika hadithi yangu fupi, bibi anasimulia ngano huku mjukuu akimrekodi, kisha mwisho unabadilika. Nini kiubadilishe?"

Nimeimaliza, na kilichoubadilisha ni ukimya wa msikilizaji. Bibi anaita "Paukwa!", mjukuu anabana mdomo ili sauti yake isiingie kwenye video. Wimbo wa Fisi unafika, hakuna wa kuitikia. Bibi anauimba peke yake, kisha anaukatisha. Siku zote Fisi huokolewa na kiitikio cha watoto. Safari hii anabaki shimoni.

Mjukuu anashusha simu: "Bibi, si huwa anatoka?"

"Hutoka mkimwimbia."

Aya ndefu iliyoeleza sababu nimeifuta. Jibu la bibi linatosha kabisa.